Kwa nini video ya mtoto hufika na ukungu

Video iliyotoka kwenye simu ya dada yangu kijijini Shishiyu, wilayani Maswa, ilikuwa na ukubwa wa MB 118. Ilipofika kwenye simu yangu Mwanza ilikuwa na MB 7. Ilipofika kwa kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni tabibu na anaishi Bariadi, nayo ilikuwa MB 7. Hizo MB 111 zilizobaki hazikuibwa njiani wala hazikuliwa na mtandao. Zilitupwa ndani ya simu ya dada kabla video haijaanza safari. Na katika zile zilizotupwa ndimo kilimokuwa kile kitu ambacho kaka alitaka kukiona.

Mtoto alikuwa na miezi minane. Alikuwa na kikohozi kwa siku mbili, na jioni ile dada aliona anahema kwa namna ambayo haikumpendeza. Akachukua simu, akarekodi dakika nzima, akatutumia sote wawili kwa WhatsApp. Nilipoifungua nilimwona mtoto, niliona kitenge alichofunikwa, niliona hata kivuli cha dada ukutani. Kifua kilikuwa kama kimepakwa uji, doa moja la rangi lisilo na mstari wala kona. Kaka akajibu kwa ujumbe mfupi: "Dada, mtoto namwona, ila kifua sikioni. Hii video ina chenga. Itume tena."

Dada akaituma tena, ileile. Ikafika vilevile.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na katika kazi hiyo nimeona jinsi simu ilivyogeuka kuwa kifaa cha familia nzima. Mama anarekodi degedege ili amwonyeshe daktari kesho yake, kwa sababu mtoto akifika hospitalini anakuwa ametulia. Bibi anapiga picha ya vipele. Baba aliye mbali anataka kuona kidonda kinavyopona. Kwa hiyo baada ya jioni ile nilitaka kujua hasa kinachotokea kati ya simu inayotuma na simu inayopokea. Nilipokwenda Shishiyu wiki chache baadaye nilikaa na dada, tukafungua video zile zote, ya asili na zilizofika, tukazilinganisha moja baada ya nyingine. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyaona, pamoja na sababu zake.

Si mtandao

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo wengi tunayo. Video ikifika na ukungu tunasema, "Mtandao wa huko ni mbovu." Kwa simu ya video, yaani ile ya kuongea huku mnaonana, maneno hayo ni kweli. Mtandao ukishuka, simu hupunguza ubora papo hapo ili maongezi yasikatike, na ndiyo maana uso wa mtu hugeuka vipande vipande halafu hurudi vizuri.

Lakini video iliyorekodiwa kisha ikatumwa ni jambo jingine. Hiyo ni faili. Faili husafiri kama mzigo uliofungwa: mtandao ukiwa dhaifu mzigo unachelewa, lakini ukifika unafika kama ulivyofungwa. Dada angeweza kupanda juu ya kichuguu kutafuta minara, au kusubiri hadi usiku wa manane mtandao utulie, na video ileile ingefika na ukungu uleule. Hilo ndilo lililotokea alipoituma mara ya pili.

Kuna hali moja tu ambapo mtandao hukudanganya macho. Kabla video au picha haijapakuliwa, WhatsApp hukuonyesha kivuli chake kidogo kilichofifia, chenye alama ya mshale unaoelekea chini. Hicho si video yenyewe. Gusa mshale, subiri imalizike, ndipo uhukumu.

Kinachotupwa

Simu nyingi za siku hizi hurekodi video ya pikseli 1920 kwa 1080. Pikseli ni zile nukta ndogo za rangi zinazojenga picha. Ukizidisha unapata nukta zaidi ya milioni mbili katika picha moja, na video ni picha nyingi zinazofuatana, kwa kawaida 30 katika kila sekunde. Mzigo huo ni mkubwa. Dakika moja ya dada ilikuwa na picha 1,800, na kila moja ilitumia wastani wa KB 65.

WhatsApp isipopewa maelekezo mengine hutuma kwa kiwango cha kawaida, kinachoitwa `Standard quality`. Hapo video hupunguzwa hadi mistari 480. Zile nukta milioni mbili zinabaki kama laki nne, yaani moja ya tano. Lakini faili haikupungua mara tano tu. Ilitoka MB 118 ikawa MB 7, mara kumi na saba. Maana yake ni kwamba hata zile nukta laki nne zilizobaki hazikupewa nafasi ya kutosha ya kuelezwa vizuri. Kila picha katika zile 1,800 ilipewa wastani wa KB 4 badala ya KB 65.

Hili halikufanywa kwa ubaya. Ndilo linalomwezesha mtu mwenye bando dogo kutuma salamu za video za harusi bila kumaliza kila kitu. Kwa mtu anayecheza au anayepunga mkono, KB 4 kwa picha zinatosha. Shida inaanza pale unapotaka kuonyesha kitu kidogo.

Ili kutosheleza bajeti hiyo ndogo, programu inayobana video haihifadhi kila picha kamili. Inahifadhi moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Inaigawa picha katika vigae vidogo vya mraba na kuuliza kila kigae: wewe umesogea? Umebadilika rangi? Kama jibu ni "hapana" au "kidogo sana", kigae kile kinarudiwa kama kilivyokuwa. Kama jibu ni "ndiyo, sana", kinapewa nafasi.

Sasa fikiria kifua cha mtoto wa miezi minane. Kinapanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana. Ngozi yake ni ya rangi moja, haina mistari. Kwa programu ile, hayo ni mabadiliko madogo mahali pasipo na alama yoyote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa. Mama aliyepo chumbani anaona mbavu zinavyobonyea. Programu inaona kigae ambacho hakijabadilika vya kutosha.

Sisi wa Simiyu tumezoea pamba, kwa hiyo nilimweleza dada hivi: hii si kama kufunga robota, ambalo ukilifungua pamba inafumuka tena. Ni kama kuchambua. Mbegu ikishatolewa kwenye nyuzi hairudi. Video iliyobanwa haiwezi kurudishwa ubora wake na aliyeipokea, hata awe na simu ya gharama kiasi gani. Dawa ni kuirudia ile ya asili iliyobaki kwenye simu iliyorekodi.

Mkono unaotetemeka na taa hafifu

Hapa ndipo mimi na dada tulipopata jambo ambalo hatukulitegemea. Tulipoitazama ile video ya kwanza kwenye simu yake, ile ya MB 118, kifua kilionekana. Si vizuri sana, lakini kilionekana. Kwa hiyo kamera haikushindwa. Lakini jinsi alivyorekodi iliifanya bajeti ile ndogo iende mahali pasipohitajika.

Alikuwa amembeba mtoto kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Simu ikawa inatikisika. Simu inapotikisika, kila kigae katika picha kinasogea: ukuta, kitenge, mto, mkeka. Programu ikiuliza "umebadilika?", vyote vinajibu "ndiyo". Basi zile KB 4 zinagawanywa kwa kila kitu kilichomo chumbani, na kifua kinapata makombo.

Pili, ilikuwa jioni na taa ilikuwa ndogo. Kamera ikikosa mwanga inajitahidi kuangaza picha kwa nguvu, na matokeo yake ni chembechembe zinazochezacheza, ambazo ukitazama kwa makini utaziona kama vumbi linaloruka. Programu haijui kuwa hilo ni vumbi la kamera. Inaliona kama mabadiliko, inajaribu kulihifadhi, na bajeti inaliwa tena.

Tatu, mtoto alikuwa mbali. Kifua kilichukua sehemu ndogo ya picha, na sehemu kubwa ilikuwa kitenge chenye maua mengi kilichokuwa kikichezacheza kila dada alipojisogeza.

Kwa hiyo ubora wa video inayofika unaamuliwa mara mbili: unaporekodi, na unapotuma. Watu wengi wakiambiwa video ina chenga hukimbilia hatua ya pili peke yake. Lakini ukituma kwa kiwango cha juu video iliyotikisika gizani, utakuwa umelipia bando zaidi ili kusafirisha mtikisiko na vumbi.

Video ya pili

Kaka aliliona hilo bila kuhitaji hesabu zangu. Baada ya ile iliyorudiwa kufika vilevile, alimpigia dada simu na kumpa maelekezo ambayo niliyaandika baadaye, kwa sababu ni mazuri kwa mzazi yeyote.

"Dada, mlaze mtoto kitandani, msimbebe. Mfunue nguo hadi kitovuni. Weka shuka jeupe au la rangi moja, toa hicho kitenge. Mwambie shemeji ashike taa karibu, iangaze kutoka ubavuni, si usoni kwa mtoto. Simu iegemeze kwenye kitu, isishikwe mkononi. Kifua na tumbo vijae kwenye kioo. Rekodi robo dakika tu."

"Lakini kaka, utahesabuje pumzi kwa robo dakika?"

"Pumzi utazihesabu wewe. Tazama saa, hesabu dakika nzima mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Niandikie namba. Mimi nataka video inionyeshe anavyohema."

Hapo kuna jambo la kujifunza ambalo halina uhusiano na teknolojia. Kuhesabu ni kazi ya aliye karibu na mtoto, na ujumbe wa tarakimu mbili haubanwi wala haupati ukungu. Mwongozo unaotumika katika zahanati zetu kwa watoto, unaotokana na Shirika la Afya Duniani, unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahema haraka kupita kawaida akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 ni 40 au zaidi. Kichanga wa chini ya miezi 2 ni 60 au zaidi. Kila kupanda na kushuka kwa kifua ni pumzi moja. Dada alihesabu 56.

Video yenyewe inahitajika kwa kitu ambacho namba haisemi: kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwenda ndani mtoto anapovuta pumzi, badala ya kupanuka. Hilo linaonekana kwa sekunde 15 kama linavyoonekana kwa dakika.

Kisha ikaja hatua ya kutuma. Dada alirekodi kwa kamera ya simu yenyewe, si ile iliyomo ndani ya WhatsApp, ili nakala ya asili ibaki kwenye simu. Akaifungua WhatsApp, akaichagua video, na kabla ya kugusa mshale wa kutuma akatazama juu ya kioo. Pale pana alama iliyoandikwa `HD`. Akaigusa, akachagua `HD quality`, kisha akatuma. Kwa kiwango hicho video hutumwa kwa mistari 720 badala ya 480, na nukta za kila picha zinakuwa zaidi ya mara mbili ya zile za kawaida.

Video ya pili ilikuwa ya sekunde 18. Kwenye simu yake ilikuwa MB 35, ikatufikia ikiwa MB 5. Tazama hapo: ni ndogo kuliko ile ya kwanza iliyofika ikiwa MB 7, kwa hiyo bando lililotumika ni pungufu. Lakini kwa kuwa ilikuwa fupi, kila picha ilipata zaidi ya KB 9 badala ya KB 4. Na kwa kuwa simu ilitulia na shuka lilikuwa la rangi moja, sehemu kubwa ya hizo KB 9 ilikwenda kwenye kitu pekee kilichokuwa kikisogea, yaani kifua.

Mimi si tabibu, lakini hata mimi niliona. Chini ya mbavu palikuwa pakibonyea kama mtu anayenyonya shavu. Kaka hakuandika. Alipiga simu: "Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, msisubiri asubuhi." Wakaenda kwa bodaboda, mtoto katikati. Alikuwa na nimonia, akatibiwa, na nilipofika Shishiyu alikuwa anatambaa kuzifuata simu zetu pale mkekani.

Kuweka HD moja kwa moja, au la

Dada aliniuliza kama aiweke simu yake itume kwa `HD` siku zote. Njia ipo. Unafungua `Settings`, kisha `Storage and data`, kisha `Media upload quality`, unachagua `HD quality`. Kuanzia hapo picha na video zote utakazotuma zitakwenda kwa kiwango hicho bila kuguswa kila mara.

Mimi nilimshauri asifanye hivyo. Yeye hutuma vichekesho, picha za shamba na video za kwaya kwa makundi manne, na vyote hivyo vikienda kwa `HD` vitakula bando lake bila faida. Pia vinajaza simu za wanaopokea. Nilimwambia abaki na kiwango cha kawaida na ajue tu alama ya `HD` iko wapi siku akiihitaji. Anayetuma mambo machache, kwa mfano baba aliye mbali anayetumiwa picha za mtoto mara moja kwa wiki, anaweza kuiweka `HD` moja kwa moja.

Alama hiyo inaweza isionekane. Mara nyingi sababu ni mojawapo kati ya mbili. Ama WhatsApp yako ni ya zamani, kwa kuwa `HD` ilianza kuletwa mwaka 2023, na dawa yake ni kusasisha programu. Au video yenyewe ina ubora mdogo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Angalia kwenye kamera ya simu kama umeiweka irekodi kwa 1080 au angalau 720. Huna haja ya kuweka 4K kwa shughuli hii. Itajaza simu yako na bado itashushwa hadi 720 inapotumwa.

Na kuna njia ya tatu, ya kutuma bila kubana kabisa. Badala ya kuchagua video kama video, gusa alama ya kibanio, chagua `Document`, kisha itafute video yako humo. WhatsApp huichukua kama inavyochukua barua au fomu, na hufika kama ilivyo, nukta kwa nukta. Inapokea hadi GB 2. Lakini hapo unalipa mzigo mzima, wewe na anayepokea. Ile video ya kwanza ya MB 118, kwenye mtandao wa megabiti moja kwa sekunde, ingechukua karibu dakika 16 kupanda. Ile ya sekunde 18 ingechukua kama dakika tano. Kwa ripoti ya daktari inayoweza kusubiri kesho, sawa. Kwa mtoto anayehema vibaya usiku, `HD` ya robo dakika inatosha na inafika mapema.

Nakala ya nakala

Usiku ule shemeji naye alitaka kumtumia mama yake video. Aliipokea kutoka kwa dada, akaihifadhi kwenye simu yake, kisha akaituma upya kutoka humo. Ikafika mbaya zaidi. Sababu ni kwamba video iliyokwisha kubanwa ilibanwa mara ya pili. Kila mara unapohifadhi na kutuma upya, programu inachambua tena kilichokwisha kuchambuliwa.

Njia bora ni kuibonyeza ile video ndani ya maongezi na kuisambaza kwa mshale wa `Forward`. Hapo faili ileile ndiyo inayokwenda, bila kubanwa upya. Vivyo hivyo, kuipiga picha simu nyingine iliyofungua video, au kurekodi kioo, ni kupoteza ubora mara mbili. Daktari akikuomba video ya mtoto, iombe kwa aliyeirekodi, si kwa aliyesambaziwa.

Picha nazo zina sheria ileile, ila zina rehema zaidi kwa sababu ni moja tu na haisogei. Uso wa mtu utafika vizuri hata kwa kiwango cha kawaida. Vinavyoumia ni vitu vidogo: vipele vya kichwa cha sindano, maandishi ya kwenye kichupa cha dawa, tarehe kwenye kadi ya kliniki. Kwa hivyo tumia `HD`, na upige picha mbili, moja ya mbali ionyeshe mahali vipele vilipo mwilini, moja ya karibu ionyeshe vilivyo. Usivute picha kwa vidole ili kuikuza wakati wa kupiga. Sogeza simu yenyewe, kisha gusa kioo mahali pa vipele ili kamera ipalenge.

Mipaka yake

Yako mambo ambayo ubora wa video hauyasaidii. Rangi ni mojawapo. Macho ya manjano, ulimi uliopauka au midomo ya bluu havihukumiwi vizuri chini ya taa ya njano, kwa sababu kamera hurekebisha rangi inavyoona yenyewe. Kama ni mchana, mpeleke mtoto karibu na dirisha au mlangoni. Kama ni usiku, sema kwa maneno unachokiona kwa macho yako.

Jambo jingine ni siri ya mtoto. Video ya mtoto aliyefunuliwa nguo imtumie mtu mmoja unayemfahamu, si kundi la ukoo lenye watu sitini. Ikishafanya kazi yake, ifute kwenye simu yako na umwombe aliyeipokea afute.

Na zipo dalili ambazo hazihitaji kurekodiwa kabisa. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki vizuri, huyo hapigwi video kwanza. Anapelekwa kituoni. Kama mna watu wawili, mmoja anaweza kurekodi wakati mwingine akitafuta usafiri, lakini safari isingoje video imalize kupanda.

Kwa wengine wote, jaribu leo, mtoto akiwa mzima. Rekodi sekunde 15 za kifua chake akiwa amelala, simu ikiwa imeegemezwa, mwanga ukitoka ubavuni. Jitumie mwenyewe kwa WhatsApp, kwa sababu unaweza kufungua maongezi na namba yako mwenyewe. Tuma mara moja kwa kawaida na mara moja kwa `HD`, kisha umwombe mwenzako ahesabu pumzi kwenye kila moja. Ile ambayo anaweza kuhesabu bila kukisia ndiyo inayofaa kutumwa kwa tabibu.